Jumla Isiyoshuka Chini ya Mbili

Anayetafuta kiwanja Dar es Salaam au Dodoma hachelewi kusikia "ishirini kwa ishirini". Dalali akisema hivyo anamaanisha mita 20 upande mmoja na mita 20 upande wa pili, yaani mita za mraba 400. Tuseme dalali wa pili anakuja na kiwanja cha 10 kwa 40. Eneo ni lile lile, na huenda bei nayo ni ile ile. Mnunuzi akimwita fundi kupima ukuta wa kuzunguka ndipo tofauti inapoonekana: kiwanja cha kwanza kinataka ukuta wa mita 80, cha pili mita 100. Kikiwa cha 8 kwa 50, ambacho nacho ni mita za mraba 400, ukuta unafika mita 116. Ardhi haijaongezeka hata unyayo mmoja. Kilichoongezeka ni tofali na siku za fundi.

Sasa mita 20 tuihesabu kuwa kipimo kimoja. Kiwanja cha 20 kwa 20 kinakuwa 1 kwa 1. Cha 10 kwa 40 kinakuwa nusu kwa 2. Cha 8 kwa 50 kinakuwa 0.4 kwa 2.5. Kila jozi ina tabia moja: namba ya pili ni ya kwanza iliyopinduliwa, kwa hiyo ukizizidisha unapata 1 daima. Upande mmoja tukiuita x, wa pili ni 1/x, na nusu ya ukuta wote ni

x + 1/x

Swali la fundi limekuwa swali la daftari la hisabati: kama x ni namba chanya, jumla hii inaweza kuwa ndogo kiasi gani, na x inapaswa kuwa ngapi ili ifike huko?

Kabla ya kutafuta kanuni yoyote, ni vizuri kujaribu namba chache. Kwa x = 2 jumla ni 2.5. Kwa x = 0.5 ni 2.5 tena, na si ajabu, maana jozi ni ile ile, imebadilishwa tu nani aanze. Kwa 1.25 tunapata 2.05, na kwa 0.8 pia 2.05. Kwa 1.1 ni kama 2.009. Kwa 1 ni 2 kamili. Upande ule mwingine, kwa x = 100 jumla ni 100.01, na kwa x = 0.01 ni 100.01 vilevile. Mtu akitazama namba hizi atakisia kwamba jibu ni 2, pale x inapokuwa 1, na atakuwa amekisia sawasawa. Ila kukisia si kuthibitisha. Baina ya 1 na 1.1 kuna namba zisizo na idadi ambazo hatukuzijaribu, na hakuna atakayeishi akazimaliza. Tunahitaji hoja inayozishika zote kwa mkupuo, na shuleni hufundishwa hoja mbili: moja ya kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, na nyingine ya kulinganisha wastani wa aina mbili. Zinafika mahali pamoja, lakini hazijui mambo yale yale.

Tuanze na kalkulasi. Wanafunzi wengi huijua kama desturi ya kuandika: chukua usemi, tafuta drivativu yake, iweke sawa na sifuri, kokotoa x. Desturi hiyo inatoa alama kwenye mtihani bila kumwambia mtu kinachotendeka. Kinachotendeka ni mashindano kati ya vipande viwili. Ongeza x kidogo, tuseme kwa 0.01. Kipande cha kwanza, yaani x yenyewe, kinapanda kwa 0.01. Hicho hakibadiliki kamwe, popote ulipo. Kipande cha pili, 1/x, kinashuka, na kiasi kinachoshuka hutegemea mahali uliposimama.

Ukiwa kwenye 0.5, kipande cha pili ni 2. Ukisogea hadi 0.51 kinakuwa 1.9608 hivi. Kimeshuka kwa takriban 0.039, wakati kipande cha kwanza kimepanda kwa 0.01 tu. Anayeshuka amemshinda anayepanda, kwa hiyo jumla imepungua. Endelea kusogea kulia. Ukiwa kwenye 2, mambo yamegeuka: kutoka 2 hadi 2.01, kipande cha pili kinashuka kwa takriban 0.0025 peke yake, na kupanda kwa 0.01 kunakizidi mara nne. Jumla inaongezeka, umepitiliza, rudi kushoto. Ukiwa kwenye 1, kupanda ni 0.01 na kushuka ni 0.0099. Karibu sare. Na kadiri hatua inavyofanywa ndogo zaidi, ndivyo sare inavyokuwa kamili zaidi.

Hesabu ya jumla ni hii. Kwa hatua ndogo h, kipande cha pili kinashuka kwa h gawanya kwa x(x + h). Ukigawa mabadiliko yote kwa h, kisha ukaiacha h isinyae hadi karibu na sifuri, kinachobaki ni

1 − 1/x²

Hiyo ndiyo drivativu, na sasa inasomeka kama sentensi: 1 ni kasi ya kupanda kwa kipande cha kwanza, 1/x² ni kasi ya kushuka kwa cha pili. Kuiweka sawa na sifuri ni kuuliza kasi hizo zinalingana wapi. Zinalingana pale x² = 1, na kwa kuwa x ni chanya, x = 1.

Njia hii ya kuongeza kidogo na kulinganisha ina umri mkubwa. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefanya hisabati kama kazi ya pembeni, aliitumia miaka ya 1630, kabla kalkulasi haijapata jina. Mfano wake wa mwanzo ni ndugu wa karibu wa swali letu: gawa mstari katika vipande viwili ili mstatili unaotokana navyo uwe na eneo kubwa kuliko yote. Yeye alishika mzingo usibadilike akatafuta eneo kubwa. Sisi tumeshika eneo lisibadilike tukitafuta mzingo mdogo. Gottfried Leibniz alipochapisha makala yake ya kwanza ya kalkulasi mwaka 1684, kichwa cha makala kilitaja mambo haya haya, vilele na mabonde ya idadi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari, na hapa ndipo kazi inapokuwa haijaisha. Drivativu kuwa sifuri kunasema tu kwamba mahali pale ni tambarare. Kilele nacho ni tambarare. Anayetaka kuona hatari hii kwa macho yake asahau kidogo sharti la x kuwa chanya. Mlinganyo x² = 1 una majibu mawili, 1 na −1. Kwenye −1 jumla ni −2, na −2 ni ndogo kuliko 2, kwa hiyo mwanafunzi mwenye haraka huandika kwamba jibu ni −2. Jaribu jirani zake: kwa −2 jumla ni −2.5, kwa −0.5 ni −2.5. Kumbe −1 ni kilele, si bonde. Ni mahali pa juu kabisa kwa upande wa namba hasi, ambako jumla inaweza kuzama bila kikomo. Sharti la "x chanya" halikuwekwa kwa mapambo. Likiondolewa, swali halina jibu.

Kuna namna mbili za kumaliza kazi. Ya kwanza ni kutafuta drivativu ya pili, 2/x³, ambayo ni chanya kwa kila x chanya. Maana yake, mteremko unazidi kukua tunapoelekea kulia, kwa hiyo mchoro mzima umepinda kama bakuli, na bakuli lina sakafu moja. Ya pili mimi naipenda zaidi kwa sababu haihitaji kukariri chochote: tazama alama ya 1 − 1/x² katika kila upande. Chini ya 1, x² ni ndogo kuliko 1, 1/x² ni kubwa kuliko 1, drivativu ni hasi na jumla inashuka njia nzima. Juu ya 1 ni chanya na jumla inapanda njia nzima. Kitu kinachoshuka mfululizo hadi mahali fulani kisha kikapanda mfululizo hakina pengine pa chini isipokuwa hapo. Sasa hoja imezishika namba zote. Angalia pia kwamba walimu wengi huridhika na kuona drivativu ya pili ni chanya pale kwenye 1 tu. Hiyo inathibitisha kuwa 1 ni bonde miongoni mwa majirani zake. Kuwa bonde kuliko mahali pote ni dai kubwa zaidi, nalo linahitaji hoja inayopita kote.

Njia ya pili haihitaji hatua ndogo wala mteremko. Inahitaji jambo moja ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha pili analijua: namba ikizidishwa kwa yenyewe haitoi jibu hasi. Chukua namba mbili chanya, a na b. Tofauti yao ikizidishwa kwa yenyewe, (a − b)², ni sifuri au zaidi. Fungua mabano, kisha ongeza 4ab pande zote, utapata kwamba (a + b)² si ndogo kuliko 4ab. Tafuta kipeuo cha pili cha pande zote, ugawe kwa 2:

(a + b)/2 ≥ √(ab)

Upande wa kushoto ni wastani wa kawaida, ule wa kujumlisha na kugawa. Wa kulia huitwa wastani wa kijiometri: zidisha, kisha tafuta kipeuo. Kanuni inasema wa kwanza hauwi mdogo kuliko wa pili, na kwamba hulingana pale tu a na b zinapolingana, maana ndipo tu (a − b)² inapokuwa sifuri.

Sasa weka x mahali pa a, na 1/x mahali pa b. Zao lao ni 1. Kipeuo cha 1 ni 1. Kwa hiyo nusu ya x + 1/x si chini ya 1, na x + 1/x yenyewe si chini ya 2. Usawa unapatikana pale x = 1/x, yaani x = 1. Imekwisha. Hakuna drivativu, hakuna kukagua pande mbili, na namba zote chanya zimeshikwa kwa mstari mmoja.

Wagiriki wa kale waliijua kanuni hii kwa mchoro, na kwa swali letu mchoro huo unapendeza kuliko kawaida. Chora mstari wenye vipande viwili vilivyounganishwa, kimoja cha urefu x na kingine cha urefu 1/x. Tumia mstari wote kuwa kipenyo, uchore nusu duara juu yake. Pale vipande vinapokutana, simamisha mstari wima hadi uguse nusu duara. Euklidi, katika kitabu cha sita cha Elementi, anaonyesha kwamba mstari huo wa wima ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na vipande viwili vya chini vikizidishwa. Kwetu sisi zao hilo ni 1, hivyo mstari wa wima una urefu wa 1, hata x iwe ngapi. Ni kama nguzo isiyokubali kukatwa, na nusu duara ni paa lake. Ndani ya nusu duara hakuna mstari wa wima unaopita nusu kipenyo. Basi nusu kipenyo lazima kiwe 1 au zaidi, na kipenyo, ambacho ndicho x + 1/x, lazima kiwe 2 au zaidi. Kikiwa 2 kamili, nguzo imesimama katikati kabisa, na vipande viwili vimelingana.

Mwenye kupenda njia fupi kuliko zote anaweza kuandika hivi tu:

x + 1/x − 2 = (x − 1)²/x

Upande wa kulia una juu namba isiyoweza kuwa hasi na chini namba chanya. Mstari huu unathibitisha jibu, na zaidi ya hapo unajibu swali ambalo mitihani hailiulizi: ukikosea x kidogo, hasara ni kiasi gani? Ukikosea kwa sehemu moja ya kumi, yaani x = 1.1, ziada ni 0.01 gawanya kwa 1.1, kama 0.009 hivi. Kosa la asilimia 10 kwenye x limeongeza jumla kwa chini ya nusu asilimia. Sababu ni kwamba kosa linazidishwa kwa lenyewe, na namba ndogo ikizidishwa kwa yenyewe huwa ndogo zaidi. Karibu na 1, bakuli letu lina sakafu pana sana.

Jambo hilo lina thamani ya fedha. Mwaka 1913 Ford Whitman Harris, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme ya Westinghouse, alichapisha katika jarida la mambo ya viwanda makala fupi kuhusu idadi ya vipuri vya kutengeneza kwa mara moja. Kanuni aliyoitoa hufundishwa hadi leo katika vyuo vya biashara, mara nyingi kwa jina la mtu mwingine, Wilson, aliyeisambaza baadaye. Ukiivua nguo, ndani yake kuna x + 1/x.

Tuipeleke kwenye hadiwea. Tuseme mwenye duka anauza mifuko 1,200 ya simenti kwa mwaka, bila kupanda na kushuka kukubwa. Kila anapoagiza mzigo analipa shilingi 80,000 za kukodi gari na kupakua, awe amechukua mifuko mingi au michache. Na mfuko mmoja ukikaa stoo mwaka mzima unamgharimu shilingi 4,800, ukihesabu pango, mtaji uliolala na mifuko inayoganda kwa unyevu. Akiagiza mifuko Q kwa mara moja, ataagiza mara 1,200/Q kwa mwaka, na stoo itakuwa na wastani wa mifuko Q/2. Gharama ya mwaka ni 96,000,000/Q kwa usafiri, na 2,400 mara Q kwa stoo. Agizo likikua, usafiri unashuka na stoo inapanda: ni mashindano yale yale.

Zao la vipande hivi viwili halina Q ndani yake. Q ya chini na Q ya juu zimefutana. Kwa hiyo kanuni ya wastani inafanya kazi: jumla ni ndogo kabisa pale vipande vinapolingana. Vinalingana kwa Q = 200, ambapo usafiri ni shilingi 480,000 na stoo ni shilingi 480,000, jumla 960,000. Ukiita mifuko 200 kipimo kimoja, kama tulivyofanya na mita 20 za kiwanja, gharama yote ni 480,000 mara (x + 1/x).

Sasa soma kile kinachotokea mwenye duka asipofuata jibu. Akiagiza mifuko 100 tu, analipa 1,200,000. Akiagiza 400, analipa 1,200,000 pia. Mwoga wa kujaza stoo na mpenda mizigo mikubwa wote wamepoteza asilimia 25, kwa sababu nusu na mara mbili ni namba ile ile iliyopinduliwa. Lakini akiagiza 240 badala ya 200, kwa kuwa gari lilikuwa na nafasi, gharama ni 976,000, hasara ya chini ya asilimia mbili. Anayejua hilo hatagombana na dereva kwa ajili ya mifuko 40. Na hata makadirio yake ya gharama ya stoo yakiwa na kasoro ya kiasi, atakuwa bado yuko kwenye ile sakafu pana. Kwa maoni yangu hili lina faida kwa mwenye duka kuliko namba 200 yenyewe.

Tuongeze ugumu mmoja. Stoo inaingiza mifuko 150 tu. Kanuni ya wastani bado inasema kweli: gharama haiwezi kushuka chini ya 960,000. Ila kweli hiyo haimsaidii, kwa sababu usawa unataka Q = 200 na 200 haiingii. Hapa drivativu ndiyo inayojua. Chini ya 200 ni hasi mahali pote, yaani gharama inashuka kadiri agizo linavyokua, kwa hiyo mwenye duka aende hadi ukutani: mifuko 150, gharama 1,000,000 kamili. Mwanafunzi hukutana na mtego huu huu anapoulizwa thamani ndogo ya x + 1/x kwa x isiyopungua 2. Akiandika 2 amekosa, maana 1 haimo katika eneo aliloruhusiwa. Jibu ni 2.5, pembeni kabisa, na pale drivativu wala si sifuri.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mwathirika hutoka na jibu linalofanana na la kweli. Fundi anataka kutengeneza tenki la bati lisilo na kifuniko, kitako cha mraba, liingie mita za ujazo 4. Upande wa kitako ukiwa x, kimo ni 4/x², na bati inayotumika ni kitako x² pamoja na kuta nne, ambazo jumla yake ni 16/x. Anatafuta x itakayofanya x² + 16/x iwe ndogo. Mtu aliyekariri "vipande vilingane" ataweka x² = 16/x, apate x ya karibu 2.52 na bati ya mita za mraba 12.7. Si jibu. Kalkulasi inasema 2x − 16/x² = 0, yaani x³ = 8, x = 2, kimo mita 1, na bati ni mita za mraba 12. Fundi wa kwanza ametupa zaidi ya nusu mita ya mraba ya bati huku akiamini amebana matumizi.

Kosa lake liko wapi? Zao la x² na 16/x ni 16x, na 16x inabadilika x inapobadilika. Kanuni ya wastani haikudanganya. Ilisema tu kwamba jumla si chini ya mara mbili ya kipeuo cha 16x, na mpaka huo wenyewe unasogea. Usawa wa vipande hutoa jibu dogo pale tu zao linapokuwa halisogei. Tiba yake ni ya ujanja kidogo: pasua 16/x iwe 8/x na 8/x. Sasa vipande ni vitatu, na zao la x², 8/x na 8/x ni 64 daima. Kanuni ina toleo la namba tatu, na la namba zozote nyingi utakazo, ambalo Augustin-Louis Cauchy alilithibitisha mwaka 1821: wastani wa kawaida wa namba tatu chanya si mdogo kuliko kipeuo cha tatu cha zao lao. Kipeuo cha tatu cha 64 ni 4, kwa hiyo jumla si chini ya 12, na usawa uko pale x² = 8/x, yaani x = 2. Tumefika kule kule.

Ila mtu angejuaje apasue kwa 8 na 8, na si kwa 10 na 6? Kwa sababu vipande vyote vitatu vinapaswa kuweza kulingana kwa wakati mmoja, na 10/x haiwezi kulingana na 6/x. Katika mfano huu hilo ni rahisi kuona. Katika maswali magumu zaidi, mpasuo sahihi huonekana tu baada ya mtu kulijua jibu, na wengi hulipata kwanza pembeni kwa kalkulasi, kisha wakaliandika upya kwa njia ya wastani kana kwamba liliwajia lenyewe. Hakuna dhambi katika hilo.

Kwa x + 1/x peke yake, mimi ningechagua wastani bila kusita: ni mstari mmoja na unashika namba zote. Zao likiwa linasogea, au kukiwa na mpaka unaokata mahali pa usawa, ningeanza na drivativu. Na kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani nina ombi moja. Baada ya kuandika kwamba jumla si chini ya 2, ongeza mstari mwingine unaotaja x inayoleta usawa na kuonyesha kuwa imo katika eneo lililoruhusiwa. Bila mstari huo umethibitisha kwamba jumla haishuki chini ya 2. Hujathibitisha kwamba inafika.